Kwa Nini Tunatoza Shilingi 30,000 kwa Kuondoa Draiva na Kuiweka Upya

Lalamiko linalotufikia mara nyingi kuliko yote katika duka letu hapa Dar es Salaam linahusu gemu lililokuwa likifanya kazi vizuri, kisha, baada ya draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya grafiki, kusasishwa, likaanza kujifunga lenyewe na kumrudisha mchezaji kwenye desktopu. Mteja akishahudumiwa na kuambiwa bei, hushangaa: "Kaka, elfu thelathini kwa kufuta na kuweka? Si hata mimi ningeweza?" Mwingine ametuandikia hivi karibuni kwamba tumemwibia, kwa kuwa kwenye video aliyoitazama kazi hiyo ilichukua dakika kumi. Kwa heshima zote tunaomba tueleze kazi yenyewe ilivyo, na msomaji ataamua kama bei ni kubwa au la.

Kuondoa draiva ni sehemu ndogo ya kazi yetu. Sehemu kubwa ni kujua kama draiva ndiyo yenye kosa, kwa sababu usiku uleule ambao draiva ilibadilika, mara nyingi gemu nalo lilijisasisha, na Windows nayo ikaingiza masasisho yake. Mteja anakumbuka kile alichokibonyeza kwa mkono wake na kukilaumu hicho. Sisi hatuanzi na kumbukumbu ya mteja. Tunaanza na kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R na kuandika:

```
perfmon /rel
```

Hapo hufunguka dirisha liitwalo Reliability Monitor, ambalo huonyesha siku moja baada ya nyingine. Alama nyekundu ni hitilafu, na alama za buluu zinaonyesha kilichoingizwa siku hiyo, draiva zikiwemo. Ukibonyeza mara mbili alama nyekundu ya gemu utaona mstari wa Fault Module Name. Ukitaja faili ya gemu lenyewe, mashaka yetu huelekea kwanza kwenye gemu. Ukitaja `nvwgf2umx.dll`, hiyo ni sehemu ya draiva ya Nvidia, na mashaka huelekea upande huo. Wakati mwingine utakuta pia hitilafu ya vifaa yenye jina LiveKernelEvent na namba 141. Maana yake ni kwamba Windows iliipa kadi kazi, ikaisubiri, na kadi haikujibu. Kwa kawaida Windows husubiri sekunde 2 tu, kisha huiwasha draiva upya kwa nguvu. Mchezaji huona kioo kikiwa cheusi kwa muda mfupi, picha ikarudi, na gemu likawa limekwisha kufungwa.

Tumpatie msomaji mfano mmoja. Kijana mmoja wa chuo alituletea kompyuta yenye kadi ya GTX 1660 Super. Gemu lake la mpira lilikuwa likijifunga kila mechi inapofika katikati. Kabla ya kuja alikuwa amekwisha kulifuta gemu zima na kulipakua upya kwa bando la simu, jambo ambalo kwa gemu lenye makumi ya gigabaiti ni gharama kubwa kuliko huduma yetu. Na halikuwa la lazima: kwenye Steam kuna kitufe kinachoitwa Verify integrity of game files, ambacho hukagua faili zilizopo na kupakua zile tu zilizoharibika. Alipoona kupakua upya hakujasaidia, alitafuta mtandaoni programu ya bure inayoahidi kusasisha draiva zote za kompyuta kwa mbofyo mmoja, akaibofya.

Njia hiyo ya mkato ndiyo inayotuletea wateja wengi zaidi. Programu za namna hiyo huchukua draiva kwenye hazina zao, si kwa mtengenezaji wa kadi, na zinaweza kuweka toleo la zamani juu ya toleo jipya huku zikikuonyesha alama ya kijani kwamba kila kitu kimesasishwa. Kwenye kompyuta ya kijana huyu tulifungua Device Manager, tukaingia Display adapters, tukabofya kadi na kusoma namba ya draiva: `31.0.15.3623`. Namba hiyo ni ya Windows, lakini ndani yake imo namba ya Nvidia. Chukua tarakimu tano za mwisho, 53623, weka nukta baada ya ya tatu, na utapata 536.23, toleo la mwaka 2023. Kijana aliapa kwamba ana draiva ya kisasa kabisa. Alikuwa amerudishwa nyuma bila kujua.

Swali lililofuata lilikuwa toleo gani lilikuwepo wakati gemu likicheza vizuri. Kifurushi cha Nvidia kinapoendeshwa hujikunjua kwanza kwenye folda ya `C:\NVIDIA\DisplayDriver`, na kila toleo huachwa katika folda yenye namba yake. Humo tulikuta 566.36, yenye tarehe ya miezi ambayo Reliability Monitor ilionyesha haina alama nyekundu hata moja. Tuliamua kurudi kwenye toleo hilo. Kuweka toleo jipya kabisa kungetuongezea badiliko jingine katikati ya uchunguzi, na hata gemu lingepona tusingejua limeponywa na nini.

Katika hatua ya kuondoa draiva, kawaida yetu ni kupakua kwanza toleo tunalolitaka kutoka tovuti ya mtengenezaji na kuliweka tayari kwenye diski. Kisha tunachomoa waya wa intaneti au kuzima waifai, kwa sababu Windows ikiona kadi haina draiva itaiwekea yake mara moja, nawe utarudi ulikotoka. Baada ya hapo tunaiwasha kompyuta katika Safe Mode, hali ambamo Windows huwaka na vitu vya lazima tu, na kuendesha Display Driver Uninstaller, programu ya bure ambayo mafundi huiita DDU. DDU huondoa faili za draiva, maingizo yake kwenye rejista ya Windows na hifadhi ya sheda, yaani programu ndogo za kuchora picha za gemu, zilizotayarishwa na draiva iliyotangulia, vitu ambavyo uondoaji wa kawaida unaweza kuviacha nyuma. Tukishabofya Clean and restart na kompyuta kuwaka kawaida, tunaweka draiva tuliyoiandaa, na intaneti hurudishwa baada ya hapo tu.

Kwenye video hatua hizi zinaonekana nyepesi, na siku njema huwa nyepesi kweli. Lakini laptopu nyingi za Windows 11 zina BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data za diski, nayo inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 pale unapojaribu kuingia Safe Mode. Dada mmoja alifuata video hadi hapo, akajikuta mbele ya kioo cha buluu kinachodai ufunguo ambao hakujua kama upo. Ulikuwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, lakini akaunti ilikuwa imefunguliwa kwa barua pepe ya kazi aliyokwisha kuiacha, na siku nzima iliishia kwenye kuirejesha. Sisi huuliza habari ya ufunguo kabla ya kugusa chochote. Vilevile hatuanzi kazi hii bila betri ya akiba ya umeme, maana umeme ukikatika draiva ikiwa nusu imeingia, unaweza kubaki na kioo cheusi.

Kijana wa GTX 1660 Super alirudi kesho yake akilalamika kwamba gemu sasa halijifungi ila linakwamakwama. Hilo tulikuwa tumemwambia, na tunalirudia hapa kwa faida ya wote. Hifadhi ya sheda ikishafutwa, gemu hulazimika kuzitayarisha upya, hivyo mara za kwanza litachelewa kufunguka au litakwama kidogo katika kila uwanja mpya. Subiri maandalizi yaishe, wala usiyaruke. Alicheza mechi chache mbele yetu na kukwama kukaisha.

Hatusemi kwamba DDU itumike kila draiva inaposasishwa. Kwa kompyuta isiyo na tatizo, kifurushi cha Nvidia chenyewe kina chaguo la Custom na kisanduku cha Perform a clean installation, na hiyo yatosha. Wala hatushauri kukimbilia kila toleo siku linapotoka. Mwanzoni mwa 2025 matoleo ya Nvidia yanayoanza na 572 yaliwaletea watu wengi kioo cheusi, na marekebisho yalikuja katika matoleo yaliyofuata. Ushauri wetu ni kusasisha pale unapoanza gemu jipya linalodai toleo fulani, pale maelezo ya toleo yanapotaja tatizo ulilonalo, au pale kuna rekebisho la usalama. Nje ya hapo, subiri kwanza.

Kuna pia wanaotulaumu kwa kukataa kuwawekea draiva mpya kabisa. Mwenye GTX 1060 au 1050 Ti afahamu kwamba Nvidia imesimamisha draiva za magemu kwa kadi za kizazi hicho tangu Oktoba 2025, na mfululizo wa 580 ndio wa mwisho kwao. Kuanzia hapo kinachotolewa ni marekebisho ya usalama, hadi Oktoba 2028. Ukilazimisha toleo jipya zaidi, utaambiwa `This graphics driver could not find compatible graphics hardware`, na kosa hilo si la fundi.

Lililo baya zaidi ni la kadi bandia. Mzazi mmoja alituletea kompyuta ya mtoto wake yenye "GTX 1050 Ti" aliyouziwa pamoja na fleshi yenye draiva na onyo la kutosasisha kamwe. Mtoto alisasisha, kioo kikawa cheusi, na mzazi akaamini kwamba draiva ndiyo iliyoiua kadi. Tuliifungua programu ya GPU-Z, ambayo husoma utambulisho wa kadi, na mbele ya jina la kadi palikuwa pameandikwa [FAKE]. Kadi za namna hii huwa ni za kale, mfano GTS 450 ya mwaka 2010, zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa jina jingine. Draiva halisi inapozihudumia kwa jina hilo la uongo, zinashindwa. Hakuna huduma ya draiva inayoweza kuiponya kadi ya aina hiyo, nasi tulimrudishia mzazi kompyuta yake bila kumtoza ile 30,000.

Huo ndio utaratibu wetu kwa kila mteja. Uchunguzi peke yake ni shilingi 10,000, na kama kumbukumbu ya kompyuta itaonyesha kwamba kosa ni la gemu, hatuigusi draiva na hulipi zaidi. Malipo kamili yanajumuisha uchunguzi, uondoaji, uwekaji na saa nzima ya kulicheza gemu lilelile huku tukitazama joto la kadi, kwani kama LiveKernelEvent 141 itarudi hata kwenye draiva iliyokuwa nzuri zamani, tunahamia kwenye feni, vumbi na pawa saplai. Tunachoomba kwako ni usiiendeshe tena ile programu ya mbofyo mmoja kabla ya kuja, na usiifute folda ya `C:\NVIDIA` kwa ajili ya kupata nafasi kwenye diski, kwa sababu humo ndimo tunamoanzia kulitafuta toleo lako lililokuwa zima.