Barua ya wazi kwa vijana mtakaobeba jeneza siku ya mvua

Wanangu,

Wiki iliyopita nilisimama kando ya kaburi, mvua inanyesha, nikaona jeneza likiyumba mabegani mwenu. Kijana wa mbele aliteleza, goti likagusa tope, na mama wa marehemu akapiga ukelele ambao bado ninausikia. Mvua sikuilaumu. Niliitazama miguu ya yule kijana: viatu vipya vya ngozi, soli nyororo kama sahani. Soli ya ngozi hunyonya maji, na juu ya majani yaliyolowa haina pa kushika. Nimelisema hili mara ngapi?

Mbeba jeneza avae kiatu cheusi cha kamba chenye soli ya mpira yenye mifereji. Ukisimama, nani ataiona soli? Usiku wa kuamkia mazishi kipake dawa ya viatu yenye nta, mara mbili, ukiiacha ya kwanza ikauke. Sugua zaidi pale ngozi inaposhonewa soli, maana ndipo maji hupenyea. Kisha kidondoshee maji: yakiviringika, nta imeshika, ngozi ikigeuka rangi, rudia. Lakini nta haizuii dimbwi. Kama tope la njiani linafika kifundoni, vaeni mabuti meusi ya mpira, wote sita, tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hizi tunavalia picha, tukasahau kwamba tumeitwa kumbeba mtu.

Suruali isiguse ardhi. Pindo likilowa hupandisha maji kama utambi unavyopandisha mafuta, na kabla sala haijaisha umelowa hadi magotini.

Mwavuli hamtaushika, mikono ina kazi. Vaeni koti la mvua la kufika magotini juu ya suti, lenye nafasi ya kuinua mkono bila kubana kwapa. Msichukue la nailoni linalong'aa, kwani mbao huteleza juu yake.

Mabinti zangu, kisigino chembamba huzama kwenye udongo laini, na kitambaa cheupe chepesi kikilowa huonyesha mwili. Mwenye mwavuli mpana asimame na wafiwa.

Mkirudi, itundikeni suti ya sufu kwenye hanga pana, mbali na moto. Viatu vijazeni magazeti, myabadilishe yakilowa. Msivianike jikoni, ngozi itapasuka.

Nawe mwanangu uliyeteleza, najua hulali vizuri. Usivitupe viatu vile. Mpelekee fundi abandike soli nyembamba ya mpira chini ya ile ya ngozi. Ni kazi ndogo kwake. Kisha njoo navyo kwangu mvua ikinyesha, tutembee pamoja kwenye majani hadi uamini miguu yako tena.