Mtungi wa akiba usilazwe

Mhariri,

Hapa Ngamiani, Tanga, wengi hulaza mtungi wa gesi wa akiba uvunguni mwa kitanda. Naomba sana tuache. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na mvuke hukaa juu, karibu na valvu. Ukiulaza, kimiminika ndicho kinachofika kwenye valvu. Kikivuja hutanuka mara 250 hivi, tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Usimamishe nje, kivulini, mbali na jiko. Jua kali huongeza shinikizo. Wenye maduka nao wasiupakie kwenye bodaboda ukiwa umelala. Kabla hujaupokea, paka povu la sabuni kwenye valvu. Mapovu yakivimba, ukatae palepale.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga