Masaa ya vitendo yaandikwe siku ileile, na kwa kazi yake

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu mnaojifunza ufundi umeme, mnaokusanya masaa ya vitendo ili mfanyiwe tathmini ya cheti, maana kuna kosa nimelifanya mimi na nikiangalia madaftari ya vijana walionifuata nalikuta tena.

Daftari letu lilitaka masaa 900, na ndani yake 120 yawe ya kupima na kutafuta hitilafu. Mimi nilikuwa naangalia ile 900 tu. Kila jioni naandika "wayaringi, masaa 8", wiki inaisha na 40, mwezi wa tano nikawa na 800 nikajua nimemaliza. Sasa kuja kuhesabu kwa aina ya kazi, kupima nina masaa 11! Yaani hata zile 100 zilizobaki zote ningezitumia kupima, ningefika 111, bado. Na saiti haikupi kupima kila siku, mnavuta waya wiki tatu halafu kupima ni siku moja mwishoni, kwa hiyo ilinichukua karibu miezi mitatu ya ziada kuyapata.

Kinachoniuma ni kwamba kupima nilikuwa nimepima mara nyingi tu, ila nilikuwa nayameza yote kwenye neno wayaringi. Siku moja nyaya za sakiti sita tulizipima kwa mega ya volti 500, ya nne ikasoma megaohm 0.3 wakati haitakiwi kushuka chini ya 1, tukafungua soketi moja baada ya nyingine mpaka tukakuta waya umebanwa na skrubu nyuma ya boksi. Tukaurekebisha ikapanda zaidi ya 200. Hayo ni masaa matatu ya kutafuta hitilafu, na ukiandika hivyo hivyo na vipimo vyake, mtathmini akikuuliza una cha kumjibu. Mimi niliandika wayaringi.

Halafu saini. Foromani wangu alihama saiti nikiwa na wiki sita hazijasainiwa, nikamfuata, akasaini mbili anazozikumbuka, nne akakataa, na sikumlaumu hata kidogo kwa sababu ni jina lake lile. Masaa 160 yakaenda hivyo. Wapo wanaosainisha miezi yote siku moja, lakini wino mmoja, mwandiko mmoja, ukurasa hauna hata alama ya vumbi la saiti, mtathmini anajua.

Kwa hiyo mwenzangu, saini ni kila Ijumaa kabla hamjatawanyika, na kila mwisho wa mwezi jumlisha kila aina peke yake, ukiona kupima kunasuasua mwambie foromani mapema akupeleke kwenye nyumba inayomaliziwa. Na wanaochapisha haya madaftari, tafadhali wekeni mstari wa jumla ya kila aina ya kazi chini ya kila mwezi. Letu lilikuwa na jumla kuu tu, ukurasa wa mwisho.

Fundi umeme, msomaji wenu