Tumefika 5,000, na bado mnauliza gesi imekwenda wapi

Juzi usiku ukurasa wetu wa mafundi friji umefikisha wafuatiliaji 5,000. Ahsanteni sana. Pongezi si lazima. Mkitaka kutusaidia, mkituma picha ya friji tumeni na ya kile kibandiko cha nyuma. Kuna mteja wa Chumbageni katuita wezi wiki hii: kwa nini sisi 120,000 wakati kuna fundi anajaza gesi kwa 30,000? Basi shukrani yetu iwe kumjibu.

Gesi ya friji haiishi kama ya jikoni. Inazunguka ileile ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka. Ikipungua, imevuja. Ukijaziwa bila kutafutwa tundu, umenunua ubaridi wa siku chache.

Mama mmoja wa Makorora anauza barafu za ukwaju. Vifuko viligandia kwenye friza ya friji lake la mlango mmoja, akavibandua kwa kisu. Akasikia "psss". Alijaziwa gesi mara mbili, 30,000 kila mara, ndipo akatuletea. Alituambia friji linagandisha asubuhi, mchana linaacha. Akilizima saa mbili likapumzika, linagandisha tena. Hapo tukajua ndani kuna maji. Gesi ikipungua, kompresa huweza kuvuta hewa kupitia lile tundu, na hewa ya Tanga mnaijua ilivyo na unyevu. Yale maji yanaganda kwenye mdomo wa kapilari, kibomba chembamba kama waya, na kuziba njia. Friji likizimwa, yanayeyuka.

Tulipaka povu la sabuni, na tundu likajionyesha: dogo kuliko ncha ya sindano. Tukaziba, tukabadilisha draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu (mfumo ukishafunguliwa, draya ya zamani haifai, msibishane na fundi hapo), tukajaza naitrojeni na kuiacha ilale hadi asubuhi. Mshale wa geji haukusogea, yaani hakuna panapovuja tena. Ndipo tukawasha pampu ya kuvuta hewa kwa saa nzima, kisha tukapima gesi kwenye mizani: kibandiko kilisema R134a, gramu 110, tukatia 110. Wengi hujaza kwa kushika bomba kwa mkono wasikie baridi. Nasi tulikuwa hivyo zamani, siwafichi, na kuna friji la muuza samaki wa Deep Sea lililoturudia mara tatu kwa sababu hiyo.

Hesabu yake basi: 60,000 iliyopotelea hewani, juu yake 120,000 yetu. Angeanza na sisi, ile 60,000 angebaki nayo. Na bei hiyo ni ya tundu linalofikika. Likiwa limejificha ndani ya ukuta wa friji, tunakwambia kabla hatujagusa kitu, maana mara nyingine halistahili hela yako.

Siku hizi mama analizima friji, anaacha mlango wazi na kuweka sufuria ya maji ya moto ndani. Kisu kimerudi kwenye vitunguu.