Kuhusu hiyo chai ya usingizi

Ndugu yangu Mutua,

Habari za huko Utawala? Huku Ngara tu wazima, watoto wamefungua shule, stima inapotea na kurudi ipendavyo, na Mama Kevo bado anauliza lile jembe lake. Mengine ya nyumbani nitakueleza tukionana, maana ujumbe wako wa jana usiku haujanitoka kichwani tangu niingie kemisti asubuhi.

Umenitumia picha ya pakiti ya chai ya mizizi ya valeriani, ukaandika: "Nimepata kitu cha usingizi kisicho na kemikali. Naweza kunywa juu ya kile kidonge?" Hapana, Mutua. Usinywe juu ya kidonge. Kama jana ulishaonja na ukaamka salama, tushukuru Mungu, lakini leo iache kabatini kwanza unisikilize.

Kidonge unachokisema najua ni ile diazepamu uliyopewa ulipoumia mgongo. Ilikuwa ya siku chache, ya kulegeza misuli. Mgongo ukapona, kidonge kikabaki kwa sababu kilikuletea usingizi, na naona kuna mahali unauziwa bila karatasi ya daktari. Sikulaumu, mtu aliyekesha usiku kucha akijua saa kumi lazima awe garini atashika chochote. Lakini ni hicho kidonge kinachonitia hofu, kuliko hata chai yenyewe.

Nikueleze kinachotokea. Ubongo una kemikali yake ya kupunguza mwendo, inaitwa gaba. Diazepamu inaiongezea nguvu. Pombe nayo inafanya kazi hapohapo. Mizizi ya valeriani ina asidi inayoitwa valereniki, na kwenye maabara imeonekana kugusa mlango huohuo, ingawa kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo usione kwamba hii ni ya hospitali na hii ni ya shambani, kwamba kila moja ina njia yake. Ni miguu mitatu inayokanyaga breki moja. Valeriani peke yake ni mguu mwepesi. Ukiuweka juu ya mingine miwili, hakuna anayeweza kukuambia gari litasimama wapi, hasa kwa vile kikombe kimoja cha chai hakilingani na kingine: mizizi hutofautiana, na muda wa kuiloweka pia.

Na usijiambie kwamba leo utameza kidonge na kesho utakunywa chai. Diazepamu haitoki mwilini kwa usiku mmoja. Nusu yake tu inaweza kuchukua siku nzima au mbili kuondoka, na ini linapoivunja linatoa kitu kingine chenye nguvu ya usingizi ambacho kinakaa zaidi ya hapo. Wewe unayemeza kila usiku, ya leo inaikuta ya juzi bado imo. Ndiyo maana ukinywa chai Jumanne kwa kidonge cha Jumatatu, bado umechanganya.

Najua wazo litakalokujia hapa, maana nimeliona kwa wateja: basi natupa vidonge leo, nabaki na chai. Hapo ndipo nakusihi usifanye hivyo. Mtu aliyezoea diazepamu kwa miezi akiiacha ghafla, usingizi unakimbia vibaya kuliko mwanzo, anatetemeka, anatokwa jasho, moyo unamwenda mbio, na wengine hupata kifafa ambacho hawakuwahi kuwa nacho. Chai ya valeriani haina nguvu ya kuziba pengo hilo. Daktari anapunguza kiwango kidogokidogo, kwa wiki kadhaa au zaidi, akikuangalia. Nenda ukamwambie ukweli wote, ni vidonge vingapi na tangu lini. Hutakuwa wa kwanza kumwambia hivyo.

Sasa pombe. Otieno aliniambia siku hizi mnapitia pale kona kila Ijumaa, na kwamba hata nyumbani huwa unafungua chupa moja "ya kulegeza mwili". Ukweli ni kwamba pombe inamlaza mtu haraka halafu inamwamsha. Inapoisha damuni, mwili unachangamka, ndiyo unajikuta macho wazi saa nane au tisa za usiku, koo kavu, mawazo ya karo yamejaa. Kisha unameza kidonge cha pili kulala tena. Pombe na diazepamu ndio mchanganyiko unaoua watu, kwa sababu pumzi inapungua na aliyelala hajui. Ukiongeza chai juu yake umeongeza uzito mahali ambapo hapakuwa na nafasi. Mwambie shemeji aijue dalili: ukikoroma kwa sauti ya kugugumia isiyo ya kawaida yako, akikutikisa huamki, pumzi zikija kwa kuachana sana, midomo ikibadilika rangi, akulaze kwa ubavu na akupeleke hospitali usiku huohuo. Asisubiri eti umechoka tu.

Na kuna dawa nyingine ambazo watu hawazihesabu kuwa za usingizi. Piritoni ya mafua, dawa fulani za kikohozi, tramadoli ya maumivu, amitriptilini ya sonona. Zote zinaleta usingizi na zote haziendi na hiyo chai. Ukija kemisti yoyote, taja hiyo chai kama unavyotaja dawa, hata kama mwuzaji hajauliza.

Umeniuliza pia kama kweli inasaidia. Nitakujibu kama ninavyomjibu ndugu. Huenda ikasaidia kidogo. Mwaka 2006 watafiti walikusanya tafiti 16 zenye watu zaidi ya 1,000. Wengine walisema wamelala vizuri zaidi, lakini tafiti nyingi hazikufanywa kwa uangalifu wa kutosha, na matokeo hayakufanana. Mwaka 2017 chama cha Marekani cha madaktari wa usingizi kilishauri isitumiwe kutibu kukosa usingizi, kikikiri kwamba ushahidi wenyewe ni hafifu. Wazungu wa Ulaya, ambako mmea huu unaota, wameitumia miaka mingi na wanairuhusu kama dawa ya asili. Tena tafiti nyingi zilitumia vidonge vya dondoo lake, si chai, kwa hiyo hata hicho kidogo kilichoonekana huwezi kukidai kwenye kikombe. Aliyekuambia inakuangusha kama diazepamu amekudanganya. Wanaofaidika, wengi husema tu kwamba wamelala mapema kidogo, au wameamka wakihisi walipumzika, na hilo huja baada ya kuinywa kila usiku kwa wiki mbili hadi nne. Ukiinywa usiku mmoja usione kitu, usiongeze mara tatu. Hiyo ndiyo njia ya kuamka na kichwa kizito na tumbo linalosokota.

Tuseme daktari amekumalizia vidonge, pombe umeiweka kando, na bado unataka kuijaribu. Angalia pakiti mfuko mmoja una gramu ngapi. Kinachotumika kwa kawaida ni gramu 2 hadi 3 za mizizi mikavu kwa kikombe. Mwagia maji yanayochemka, funika, uache dakika 10 hadi 15, chuja, unywe nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala. Harufu yake itakushtua, ni ya soksi za wiki nzima, na haimaanishi imeoza. Mizizi hiyo ndivyo inavyonuka ikikauka. Shemeji akinywa nawe kwa kukusindikiza, mwambie aache, maana bado ananyonyesha na hakuna aliyethibitisha usalama wake kwa mtoto. Wiki nne zikipita bila mabadiliko, achana nayo urudi kwa daktari, kwa sababu kuna kitu kingine kinachokukesheza.

Lakini hapa nitasimama kidogo, kwa sababu wewe unabeba watoto wa watu. Basi la shule linatoka saa kumi na moja alfajiri. Chai hii inaweza kumwachia mtu uzito asubuhi, hasa akiinywa nyingi au akiinywa usiku umeshakwenda. Usiku wa kwanza uwe Ijumaa au wakati wa likizo, siku ambayo kesho yake hushiki usukani. Ukiamka, jichunguze kwa saa mbili au tatu za kwanza. Unapiga miayo mfululizo? Unasoma ujumbe mmoja mara mbili bila kuushika? Unaamka kitandani unayumba? Kama ulilala kwa muda wa saa tano tu, huenda ni uchovu wa kawaida. Ila kama ulilala kwa muda wa saa saba au nane na bado kichwa kina ukungu, basi huenda ni kitu ulichomeza, na usiendeshe. Ukiwa barabarani dalili ni hizi: umepita kituo bila kukumbuka ulivyofika, unakanyaga breki kwa kuchelewa, gari linavuta kuelekea ukingoni. Ukiona hata moja, egesha. Kahawa inafungua macho lakini hairudishi wepesi wa mguu.

Na nikirudi kwenye kidonge, maana siwezi kukiacha: huo uzito ulioniambia mwezi uliopita, ukasema ni umri unakuja, mimi naamini ni diazepamu. Miaka arobaini na mbili si umri wa kusinzia kwenye taa za Donholm. Tafadhali ongea na mkubwa wako akupe kazi ya gereji wakati daktari anakupunguzia dozi. Baraka alipofanyiwa hivyo hakuna aliyemcheka.

Sasa nijibu haya, na usiniachie mawili kati yake: Unameza miligramu ngapi, 5 au 10, na ni mara moja au unaongeza usiku wa manane? Jana uliinywa chai au hukuinywa? Chupa ya jioni ni kila siku au Otieno ameongeza chumvi? Kuna dawa nyingine, ya presha au ya mgongo, hujaniambia? Daktari aliyekuandikia mwanzoni bado yupo pale, au nikutafutie mwingine huku karibu na mimi? Na hicho kinachokukesha ni nini hasa, ni ile kesi ya shamba au ni karo ya Mwende? Nipigie picha nyuma ya pakiti, pale palipoandikwa viungo, nisome kama wamechanganya na kitu kingine. Alhamisi natoka saa kumi jioni. Ukiweza kuja na vidonge vyako vyote mfukoni tutakwenda kliniki pamoja.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Hamisi