Siku 20 zina kamisheni, siku 8 hazina: barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara wa Uingereza

Mheshimiwa Waziri,

Kazi yangu ni kuandaa mishahara. Kila mwezi napitisha malipo ya watu zaidi ya mia mbili, na wengi wao hawaishi kwa mshahara wa msingi peke yake. Wapo wanaouza na kulipwa kamisheni, na wapo wanaoingia kazini Jumamosi kwa ovataimu. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeituma ofisini kwako. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya wenzangu waliotoka Afrika Mashariki, ambao mara nyingi huniuliza swali moja: kwa nini nikienda likizo mshahara unapungua, na mimi nimeambiwa likizo yangu inalipwa?

Nitaanza na dada mmoja niliyekuwa nikimwandalia mshahara kwa mwajiri wangu wa zamani. Alikuwa akiuza mikataba ya simu na intaneti kwa ofisi. Tarakimu nimezilainisha ili zisomeke kwa urahisi, lakini mpangilio ni ule ule. Mshahara wake wa msingi ulikuwa pauni 420 kwa wiki, kwa siku 5. Katika wiki 52 alipata kamisheni ya pauni 9,360, yaani wastani wa pauni 180 kwa wiki. Pia aliingia kazini Jumamosi moja ndiyo, moja hapana: Jumamosi 26, kila moja pauni 90, jumla pauni 2,340. Ukizigawa kwa wiki 52 unapata pauni 45. Kwa hiyo wiki yake ya kawaida, ile anayolipia kodi ya nyumba na nauli ya watoto, ilikuwa pauni 645.

Mwezi Juni alichukua likizo ya wiki 2. Hati yake ya mshahara ya mwezi huo ilikuwa nzuri tu. Alilipwa msingi wake kamili, na kamisheni ilikuwemo, tena nono. Alirudi akiwa na furaha. Agosti ndipo akaja mezani kwangu na hati mbili mkononi, kaziweka kando kwa kando, kidole kwenye mstari wa kamisheni. "Nimekosea wapi?" aliniuliza.

Hakuwa amekosea popote. Kamisheni pale ililipwa miezi miwili baada ya mkataba kusainiwa. Aliyoipata Juni ilikuwa jasho la Aprili. Zile wiki 2 za Juni ambazo hakuuza kitu zilimfikia Agosti, na wakati huo hakuna aliyekumbuka tena habari ya likizo. Nilipompelekea meneja suala hilo, alijibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba mwezi wa likizo mtu huyu alipata kamisheni yake, sasa anadai nini?

Jibu hilo lilikwisha kataliwa na Mahakama ya Haki ya Ulaya tarehe 22 Mei 2014, katika kesi ya Lock dhidi ya British Gas. Bwana Lock naye alikuwa muuzaji, na kamisheni ilikuwa zaidi ya asilimia 60 ya kipato chake. Naye alipokea kamisheni ya mauzo ya nyuma wakati yuko likizo, kisha pengo likamfuata baadaye. Mahakama ilisema kwamba hasara inayokuja baada ya likizo inaweza kumfanya mtu aogope kwenda likizo, hata kama wakati wa likizo yenyewe hati yake haikupungua. Kamisheni iliyofungamana na kazi anayofanya mtu lazima iingie katika malipo ya likizo.

Basi hesabu ya dada yule ilitakiwa kuwa hivi. Wiki 2 kwa pauni 645 ni pauni 1,290. Alilipwa 840 za msingi. Zimebaki 450, na zilitakiwa kuonekana kama nyongeza ya likizo kwenye hati ya Juni, mbali na kamisheni ya Aprili ambayo ni haki yake nyingine. Wenzangu mnaosoma, kuna namna rahisi ya kujua. Chukua msingi wako wa mwaka, ugawe kwa siku 260, yaani wiki 52 za siku 5. Kwake ni pauni 21,840 kwa 260, unapata 84. Kama siku yako ya likizo imelipwa kiasi hicho hicho kamili, au kama hati haina mstari wowote wa likizo na mshahara umeendelea tu kama kawaida, basi kamisheni na ovataimu havikuguswa.

Hapo sheria iko upande wa mfanyakazi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, Kanuni za Muda wa Kazi za 1998, kwa England, Wales na Scotland, zinataja waziwazi kwamba malipo ya likizo yajumuishe kamisheni ya namna hiyo, na pia malipo kama ya ovataimu yaliyolipwa mara kwa mara katika wiki 52 zilizotangulia. Yaliyokuwa yametawanyika katika hukumu za miaka zaidi ya kumi yaliingizwa kwenye kanuni, na kwa hilo nashukuru kwa dhati, maana zamani nilikuwa nambishia meneja kwa kumtajia majina ya kesi ambazo hajawahi kuzisikia.

Lakini Mheshimiwa, soma kanuni ile hadi mwisho. Inahusu wiki 4 tu.

Mfanyakazi wa siku 5 ana haki ya wiki 5.6 za likizo, yaani siku 28. Wiki 4 za kwanza zina asili yake katika agizo la Ulaya. Zile 1.6 ziliongezwa na Bunge lenu wenyewe, kwa hatua mbili, Oktoba 2007 na Aprili 2009, ili sikukuu za umma zisiendelee kula likizo ya watu. Lilikuwa jambo jema. Ila wiki hizo 1.6 zinahesabiwa kwa kipimo cha zamani cha "malipo ya wiki" kilichomo katika Sheria ya Haki za Ajira ya 1996. Kwa mtu mwenye saa maalumu za kazi na msingi usiobadilika, kipimo hicho huiacha nje kamisheni inayotegemea mauzo kufanikiwa. Ovataimu nayo inaingia tu kama mkataba unamlazimisha mwajiri kuitoa na mfanyakazi kuifanya. Jumamosi za dada yule hazimo.

Kwa hiyo siku yake ya likizo ina thamani mbili. Siku 20 ni pauni 129 kila moja. Siku 8 ni pauni 84. Tofauti ni pauni 45 kwa siku, na kwa siku 8 inakuwa pauni 360 kila mwaka, ambazo mwajiri anaruhusiwa kisheria kutozilipa. Ni mtu yule yule, amelala kitanda kile kile asubuhi ya likizo, na mauzo anayoyakosa ni yale yale. Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu sababu ya siku yao ya 21 kuwa nafuu kuliko ya 20, na sijapata maneno ambayo mimi mwenyewe nayaamini.

Mbaya zaidi, hati ya mshahara haimwambii mtu ni siku zipi ziko upande upi. Waajiri wengi huzihesabu 20 za mwanzo wa mwaka kwa kiwango cha juu na za mwisho kwa cha chini, na mfanyakazi hajui. Mwaka 2023 serikali ilipendekeza kuziunganisha likizo hizi mbili ziwe moja yenye kiwango kimoja cha malipo, ikakusanya maoni, kisha ikaliacha jambo hilo. Nakuomba ulirudishe, na kiwango hicho kimoja kiwe kile cha wiki 4. Kikiwa cha chini, mtakuwa mmewanyang'anya watu siku 20 ili mziweke sawa na 8.

Wapo waajiri ambao tayari wanalipa siku zote 28 kwa kiwango cha juu. Hawafanyi hivyo kwa ukarimu tu. Kuendesha hesabu mbili ni kazi ngumu kwetu sisi wa ofisi ya mishahara, na makosa yake ni mengi.

Kuna neno jingine linalonikosesha usingizi: "mara kwa mara". Kanuni haisemi ni mara ngapi. Katika kesi ya Halmashauri ya Dudley ya 2017, iliyohusu mafundi 56 wa nyumba za halmashauri, mahakama ya rufaa ya kazi ilikubali kwamba hata ovataimu ya hiari inaingia, mradi imelipwa kwa kipindi cha kutosha na kwa mfululizo wa kuitwa kawaida. Mtu anayeingia Jumamosi 26 kwa mwaka, kwangu mimi hana shaka. Anayeingia 9, zote kabla ya Krismasi? Meneja mmoja atasema ndiyo, wa jengo la pili atasema hapana, na mfanyakazi anayetaka jibu lazima aende kwenye baraza la kazi kwa ajili ya pesa isiyozidi nauli na siku za kazi atakazopoteza. Toa mwongozo wenye mifano ya Jumamosi 9, 15 na 26, ili watu wa idara yangu wawe na kitu cha kushika.

Na waajiri wanaposema wastani wa wiki 52, wakaguliwe wanagawa wiki zipi. Dada yule mwaka uliofuata alienda nyumbani kumuuguza mama yake, wiki 6 bila malipo. Kwa kanuni, wiki ambayo mtu hakulipwa chochote inarukwa, unarudi nyuma kuchukua nyingine iliyolipwa, hata ukifika wiki 104. Programu tuliyokuwa tukitumia haikufanya hivyo. Ilichukua kamisheni ya wiki 46, pauni 8,280, ikagawa kwa 52, na wastani wake ukashuka kutoka 180 hadi 159. Aliadhibiwa mara ya pili kwa safari ile. Nililiona kwa sababu nilimfahamu na nikakumbuka alikuwa wapi. Mashine ilitoa tarakimu moja tu, bila kuonyesha imeipata vipi.

Ndiyo maana ombi langu la mwisho ni dogo na halina gharama kubwa: hati ya mshahara ya mwezi wa likizo ionyeshe siku zilizolipwa, kiwango cha kila siku, na wiki zilizotumika kupata wastani. Ni mistari mitatu. Mwaka ule dada yule angekuwa nayo, asingesubiri hadi Agosti, na asingekuja kwangu akiuliza amekosea wapi.

Wako mtiifu,
Mwandaa mishahara