Kwa nini tunakuuliza udongo wako kabla ya kukuuzia trekta ya mkono

Mvua za mwaka zikikaribia, simu za lawama nazo huanza. Safari hii ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja mwenye konde upande wa Kinango. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa mkato. "Mwanangu, mmeniuzia takataka. Mnasema farasi saba, na ng'ombe wangu wawili wanaishinda!"

Nikafungua daftari la mauzo. Mashine ilikuwa yetu kweli, ile ndogo ya petroli yenye injini ya 170F, na uzito wake haufiki kilo 100. Aliinunua kwa ajili ya bustani ya mchicha na bamia huko Kikambala, kwenye kichanga, na misimu miwili imemfanyia kazi bila neno. Nikamwomba anisubiri, nikavuka Likoni siku ya pili yake.

Nilichokikuta kondeni kilinieleza yote. Alikuwa ameng'oa visu, akavalisha magurudumu ya mpira, kisha akafunga plau aliyochomelesha mtaani. Udongo wenyewe mweusi wa bondeni, mkavu, umejaa ndago. Mashine inanguruma, magurudumu yanajizungukia palepale yakichimba mashimo mawili, plau haijasogea hata hatua tatu.

Hapa ndipo wateja wengi wanapojiona wamepunjwa, kwa hivyo naomba nieleze polepole. Mashine ndogo inapolimia visu, injini inazungusha visu moja kwa moja na visu ndivyo vinavyokata udongo na kuisukuma mbele. Haihitaji uzito mkubwa. Plau ni kitu kingine kabisa, kwa sababu lazima ivutwe, na mvuto unatoka pale gurudumu linaposhika ardhi. Mashine ya matairi huvuta kwa nguvu isiyofika nusu ya uzito wake, na kwenye ardhi mbaya hupungua zaidi. Ukiwa na kilo 90, mvuto wako ni kama kilo 40. Plau ya upana wa sentimita 20 inayozama sentimita 15 hudai karibu kilo 90 za mvuto kwenye kichanga chepesi, na kwenye mfinyanzi yaweza kupita 200. Farasi saba ziko pale, lakini hazina pa kushikilia.

Mzee alikuwa amekwishaliona hilo mwenyewe, akatafuta njia ya mkato. Alifunga gunia la mchanga juu ya mashine ili iwe nzito. Nimeiona mbinu hiyo mara nyingi na kila mara mwisho wake ni karakana. Magurudumu yakishashika, mzigo unahamia kwenye mikanda. Nilifungua kava, harufu ya mpira ulioungua ikanipiga puani. Mikanda ilikuwa miwili, mmoja mpya na mmoja wa zamani. Wa zamani ulikuwa umelegea na ubavu wake uking'aa kama kioo, dalili kwamba ulikuwa ukiteleza kwenye puli kwa muda mrefu. Ule mpya aliununua peke yake ili kuokoa pesa, basi ukabeba mzigo wote wa mwenzake na nyuzi zake zikaanza kuchomoza ndani ya siku mbili. Mikanda hubadilishwa yote kwa pamoja, na ya namba moja. Isitoshe, sili ya mhimili ilikuwa imeanza kuvuja oili ya giaboksi. Angeendelea wiki moja, angenunua giaboksi.

Kwa konde kama lile, mashine inayofaa ni ile kubwa ya dizeli, yenye injini ya silinda moja iliyolala, ya kupozwa kwa maji. Pamoja na rotaveta yake, yaani seti ya visu vya kuzunguka, inapita kilo 300. Injini ya petroli hutoa nguvu zake ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, na ukiizidishia mzigo huzima. Hii ya dizeli huzunguka kama mara 2,200, ina gurudumu la chuma zito ubavuni, na ikikutana na mzizi hunguruma tu na kupita. Ubaya wake niseme pia. Kuiwasha kwa hendeli kunataka mkono wa mtu mzima, na kuigeuza mwisho wa tuta kunachosha. Kule Shimba Hills kwenye miteremko ndiyo inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ukiteremka mzigo unaisukuma, na ukibana klachi ya kugeuzia ya kushoto yaweza kukupeleka kulia. Kama shamba lako ni robo ekari ya mboga kwenye kichanga, usinunue hiyo. Chukua ya petroli na ubaki na visu.

Watu husahau pia kuhesabu mwendo. Ekari moja kwa plau ya sentimita 20 ni kutembea kilomita 20 nyuma ya mashine. Kwa rotaveta ya sentimita 60 ni karibu kilomita saba. Ndiyo maana naweka rotaveta mbele ya plau kwa familia nyingi, ila isitumike kwenye ardhi yenye mawe ya matumbawe chini, maana visu vinavunjika. Na kwenye kichanga visu huliwa haraka, kwa hivyo seti ya pili si anasa.

Sasa suala la bei, maana najua kuna mashine zinazofanana na zetu mtandaoni kwa bei ya chini. Injini zenyewe hazina siri. Alama kama 170F au 186F ziko kwa watengenezaji wengi, na pistoni au kabureta utaipata kwa urahisi mjini. Giaboksi ndiyo isiyofanana. Kitovu cha visu cha kampuni moja hakiingii kwenye mhimili wa pembe sita wa nyingine, na gia ikivunjika huna pa kwenda. Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji yeyote, awe sisi au mwingine, mwambie akutolee rafuni mkanda, sili na visu vya mashine hiyohiyo. Akikwambia ataagiza, hesabu msimu mmoja umekwenda.

Jambo jingine lililomo ndani ya bei yetu halionekani. Mashine nyingi hufika zikiwa hazina oili kabisa, si kwenye injini wala kwenye giaboksi. Kuna kijana alileta mashine aliyoagiza mwenyewe, ilifanya kazi chini ya saa moja. Injini aliitia oili, giaboksi hakujua kama nayo inataka ya kwake. Gia zilikuwa za buluu kwa moto. Sisi tunajaza zote mbili, tunakaza bolti, tunaiwasha na kuilimisha mbele yako ndipo tunakukabidhi. Fundi hulipwa kwa kazi hiyo, na siwezi kuipunguza.

Mzee wa Kinango tulimbadilishia mikanda na sili, tukairudishia visu vyake, sasa iko Kikambala kwenye bamia. Kule bondeni alikodi ya dizeli kwa mtu wa jirani, na nilimsihi asubiri mvua mbili za kwanza zilainishe ardhi, kwa kuwa hata hiyo kubwa inateleza kwenye mfinyanzi mkavu. Alisubiri, ikalima.

Ukija kwetu, chimba shibiri moja kwenye konde lako, tia udongo huo kwenye mfuko wa plastiki bila kuuanika, uje nao. Ukiufinyanga na ukatoka kamba ndefu isiyokatika, tutaongea habari ya dizeli.